Excel inanipa makadirio matatu ya gharama za mwisho, nimpelekee bosi lipi?

#1 BintiKonde

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nipo Pemba, kwenye ujenzi wa bloku la skuli huko Micheweni: vyumba 8 vya kusomea, ofisi, vyoo na tangi la maji la chini ya ardhi. Mimi ndiye ninayeshika hesabu za kazi pale site, na mkandarasi ambaye ni mwajiri wangu yuko Unguja.

Bajeti yetu yote ya ndani, yaani BAC, ni milioni 480 kwa miezi 12. Tulianza Januari, na mwisho wa Juni tulipaswa kuwa tumefanya kazi ya milioni 240, hiyo ndiyo PV. Kwa hesabu yangu, kazi iliyokwisha, yaani EV, ina thamani ya milioni 192, na pesa zilizotoka, yaani AC, ni milioni 240. CPI inapima gharama na SPI inapima ratiba, kwa hiyo:

```
EV = 192   PV = 240   AC = 240   BAC = 480
CPI = EV/AC = 0.80
SPI = EV/PV = 0.80
```

Nikitafuta gharama ya mwisho, yaani EAC, napata majibu matatu:

```
AC + (BAC-EV)           = 528
BAC/CPI                 = 600
AC + (BAC-EV)/(CPI*SPI) = 690
```

Kutoka 528 hadi 690 ni tofauti ya milioni 162, na hizo ni pesa za kuezeka bloku zima na zikabaki. Bosi anataka namba moja Jumatatu. Nikimpa 690 anaweza kusimamisha kazi, na watoto wa shehia ile wanasoma kwa zamu mbili. Nikimpa 528 ikaja kuwa uongo, aibu itanirudia mimi. Naomba msaada.

#2 Mwanakwerekwe_88

Dada, CPI ya 0.80 mbona nzuri? Ya mwezi uliopita niliyoiona mimi ilikuwa zaidi ya mia. Ile inatolewa na ofisi ya takwimu ya serikali, inapima bei za vyakula, nguo, mafuta. Ikiwa chini maana yake bei zimeshuka, mpe bosi namba ndogo.

#3 BintiKonde

Kaka yangu, hiyo ni fahirisi ya bei za walaji, jina tu limefanana. Yangu inasema kila shilingi moja iliyotoka imerudisha kazi ya senti 80.

#4 Mwanakwerekwe_88

Samahani, nimekuelewa sasa. Ila bei za bidhaa nazo zitakugusa, saruji haijakaa bei moja mwaka huu.

#5 Hamad_PM

Jibu ni 600, usisumbuke. Kuna utafiti uliofanywa kwenye mikataba ya ulinzi ya Marekani, ukaonyesha kwamba mradi ukishapita asilimia 20, CPI ya jumla haibadiliki tena zaidi ya sehemu moja ya kumi kwenda juu wala chini. Wewe uko asilimia 40. CPI yako imeshaganda. BAC gawa kwa CPI, peleka, lala usingizi.

#6 MzeeWaVipimo

Waalaykum salaam mwanangu BintiKonde. Nimefanya kazi ya ukadiriaji majenzi visiwani kwa miaka mingi, na neno langu la kwanza ni hili: usichague kanuni bado. Kanuni zote tatu zinakula chakula kimoja, EV na AC. Kama chakula kina mchanga, vyungu vyote vitatu vitatoa mchanga.

Ndugu Hamad amesema kweli kuhusu ule utafiti. Lakini ile ilikuwa mikataba mikubwa ya miaka mingi, yenye wahasibu na wakaguzi wa kila mwezi. Walipokuja watu kupima miradi midogo nje ya mikataba ile, uthabiti huo haukuonekana kila mahali. Bloku la skuli la miezi 12 linaweza kubadilika CPI kwa meli moja tu iliyochelewa.

Nijibu mambo matatu. Ndani ya hizo milioni 240 kuna vitu gani ambavyo bado viko stoo? Kuna watu gani wameshafanya kazi na hawajalipwa? Na kuta umezipimaje?

#7 BintiKonde

Shikamoo Mzee. Nimekwenda kuangalia daftari.

Stoo kuna saruji na mabati ya milioni 30. Bosi alinunua kwa wingi mwezi wa tatu kabla masika hayajakolea, akiogopa bahari na barabara. Pesa zote nimeziandika siku ankara ilipolipwa.

Mafundi wanadai wiki mbili za mwisho wa Juni, milioni 6. Sijaziandika kwa sababu hazijatoka.

Kuta niliangalia kwa macho na msimamizi, tukakubaliana asilimia 65. Bajeti ya kuta ni milioni 80, kwa hiyo nikaweka 52.

#8 MzeeWaVipimo

Marahaba. Hapo ndipo penyewe.

EV yako inasema "kuta zilizosimama". AC yako inasema "saruji iliyonunuliwa". Hivyo ni vitu viwili tofauti, na ukivigawanya unapata namba isiyo na maana ingawa Excel haitalalamika. Saruji iliyo stoo haijazalisha ukuta. Iweke pembeni kama mali, iingie kwenye gharama siku inapotoka stoo kwenda kwenye zege. Mafundi nao ni kinyume chake: ukuta wao umeshauhesabu kwenye EV, basi ujira wao lazima uwemo kwenye AC hata kama pesa bado iko benki.

240, toa 30, ongeza 6. AC yako ya kweli ni 216.

Kuta sasa. Asilimia ya macho mimi siiamini hata ikitoka kwangu mwenyewe, kwani jicho huvutiwa na kimo cha upande wa barabarani. Chukua futi kamba, pima mita za mraba zilizojengwa, gawa kwa mita za mraba za kwenye mchoro baada ya kutoa milango na madirisha. Kesho asubuhi kabla jua halijawa kali.

#9 Kontrakta_Chake

Mzee, hapo kwenye vitu vya stoo sikubaliani moja kwa moja. Kwenye mikataba yetu mwenye mradi hulipa vifaa vilivyofika site, na mimi huvihesabu kama kazi iliyofanyika. Kwa nini yeye asiongeze milioni 30 kwenye EV badala ya kuzitoa kwenye AC? CPI itapanda vilevile.

#10 MzeeWaVipimo

Sheikh, inaruhusiwa, kwa sharti moja: ratiba yako ya PV nayo iwe imepangwa hivyo tangu siku ya kwanza, kwamba vifaa vikifika site vinahesabiwa thamani mwezi ule. Ukiongeza kwenye EV peke yake, SPI inaruka juu. Utaambiwa kazi inakwenda mbio, kumbe kilichokwenda mbio ni jahazi.

Na kuna jambo jengine. Saruji huganda stoo wakati wa masika. Ukishaipa thamani kwenye EV halafu mifuko ikawa mawe, utaitoaje?

#11 Kontrakta_Chake

La saruji kuganda nakubali, limenikuta. Hilo la kwanza bado naona linategemea mkataba. Na hiyo 480, BintiKonde, ni bei ya mkataba au gharama? Mimi hutumia bei ya mkataba ndiyo BAC.

#12 BintiKonde

Ni gharama, Kaka. Faida ya bosi haimo.

#13 MzeeWaVipimo

Vizuri hivyo. Ukitumia bei ya mkataba huku AC ni gharama tupu, faida inajificha ndani ya CPI na unaonekana unafanya vizuri mpaka faida yote iishe. Ndipo CPI inaposhuka chini ya 1.0, na wakati huo umechelewa.

#14 BintiKonde

Nimepima. Wallahi sikutarajia. Kuta ziko nusu kamili, asilimia 50, wala si 65. Upande wa nyuma, unaotazama mikarafuu, haujafika hata kwenye madirisha. Kwa hiyo kuta ni milioni 40 badala ya 52, na EV yote inashuka kutoka 192 hadi 180.

```
CPI = 180/216 = 0.83
SPI = 180/240 = 0.75
BAC/CPI       = 576
```

Moyo umeniuma kwa sababu mwezi wa tano niliripoti kwa macho yaleyale.

#15 Hamad_PM

Basi 576, na umeona haikuwa mbali na 600 yangu.

#16 MzeeWaVipimo

Imekaribia kwa sababu makosa mawili yamevutana, moja huku na moja kule. Asingepima kuta angebaki na 192 gawa kwa 216, akapeleka 540.

Na 576 yenyewe ina dai kubwa ndani yake. Inasema kila kitakachofanyika kuanzia Julai kitazidi gharama kwa kiwango kilekile kama kilichopita. Mwanangu, umetumia milioni 36 zaidi ya thamani ya kazi. Zilikwenda wapi? Nataka sababu, na kila sababu na kiasi chake.

#17 BintiKonde

Milioni 18 ni msingi na shimo la tangi. Masika yalitukuta mitaro iko wazi, maji yakajaa, kingo zikabomoka. Tulikodi pampu, tukachimba tena, zege la kwanza upande mmoja likavunjwa. Risiti zote ninazo.

Milioni 18 nyengine zimetawanyika. Kubwa ni usafirishaji: vifaa vinashuka bandari ya Mkoani, na sisi tuko Micheweni, yaani kutoka ncha ya kusini ya kisiwa mpaka kaskazini. Bajeti ilinakiliwa kutoka mradi wa Unguja ambako gari lilikwenda mwendo mfupi. Halafu mchanga. Kibali kikichelewa mafundi wanakaa chini ya mwembe na siku yao inalipwa.

#18 MzeeWaVipimo

Umeshajijibu mwenyewe. Mitaro imefukiwa, jamvi limemwagwa, haichimbwi tena. Zile 18 za kwanza zimeshapotea na hazitarudi, lakini pia hazitajirudia. Zile 18 za pili zitaendelea kila wiki, maana Mkoani haitasogea karibu na Micheweni.

Basi kiwango cha kupimia kazi iliyobaki ni hiki:

```
180 / (216 - 18) = 0.909
kazi iliyobaki: 300 / 0.909 = 330
EAC = 216 + 330 = 546
```

Ile 18 haikufutwa, bado imo ndani ya 216. Haitumiki tu kuzidisha kazi ambayo haihusiani nayo.

Usiamini kwa neno langu. Una njia ya kuhakiki: kuta hazikuguswa na yale maji. Kuta zenyewe zimegharimu kiasi gani mpaka sasa?

#19 BintiKonde

Ngoja nijumlishe... saruji iliyotoka stoo kwa ajili ya kuta, matofali, mchanga, mafundi pamoja na deni lao, magari. Milioni 44.

40 gawa kwa 44 ni 0.909! Imeangukia palepale.

#20 MzeeWaVipimo

Alhamdulillah. Isingeangukia ningesema kuna sababu nyengine umeisahau. Tahadhari moja: watu huipenda sana njia hii, kila hasara huiita "ya mara moja" mpaka CPI inakuwa safi. Mimi hukubali ya mara moja ikiwa kazi iliyoisababisha imekwisha kabisa na risiti zake zipo. Mchanga kuchelewa si wa mara moja, hata kama msimamizi atakuapia.

#21 Nassor_Fumba

Naona mnazungumza gharama tu, hamjagusa SPI. Mimi niko Unguja, si mjenzi, nilisimamia kazi ya kuweka mfumo wa kompyuta kwenye taasisi moja. Mradi wetu ulichelewa miezi mitano, na ripoti ya mwisho SPI ilisoma 1.00. Miezi mitatu ya mwisho ilikuwa inapanda tu, 0.93, 0.97, huku wateja wanatupigia simu kwa hasira. Nilidhani nimekosea hesabu.

#22 MzeeWaVipimo

Hukukosea ndugu yangu, ndivyo SPI ilivyo. Tarehe ya kumaliza ikishapita, PV haipandi tena, imeshafika kwenye bajeti nzima. EV inaendelea kupanda taratibu mpaka iikute. Mwisho wa kazi hizo mbili lazima zilingane, hata uchelewe mwaka. Ndiyo maana kwenye theluthi ya mwisho ya mradi mimi siisomi kabisa. Mmarekani aitwaye Walt Lipke alilishughulikia jambo hili mwaka 2003: badala ya kuuliza una pungufu ya pesa ngapi, anauliza kazi uliyofikia leo ulipaswa kuifikia tarehe gani.

BintiKonde, ratiba yako ilisema milioni 180 zifikiwe lini?

#23 BintiKonde

Mwisho wa Aprili 150, mwisho wa Mei 190. Kwa hiyo 180 iko robo tatu ya Mei, miezi 4.75. Nimetumia miezi 6 kufika mahali pa miezi 4.75.

```
4.75/6 = 0.79
12/0.79 = miezi 15 na kidogo
```

Kwa SPI ya pesa ningepata 12 gawa kwa 0.75, miezi 16.

#24 Nassor_Fumba

Na masika yameshapita. Si kwamba nusu ya pili itakwenda haraka zaidi?

#25 MzeeWaVipimo

Kuna vuli mbele, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Kinachoamua ni paa limefungwa kabla yake au bado. Hilo hakuna fahirisi itakayokwambia. SPI haijui kama kazi iliyochelewa ni ukuta unaobeba kenchi au rangi ya uzio. Lazima afungue ratiba, afuate mnyororo wa kuta, linta, kenchi na mabati, ahesabu wiki.

#26 Hamad_PM

Mzee, basi ile kanuni ya tatu yenye CPI mara SPI tuitupe? Kuchelewa kunagharimu pesa. Mlinzi, msimamizi, nyumba ya kupanga ya mafundi, vyote vinalipwa kila mwezi.

#27 MzeeWaVipimo

Hapo umesema jambo la maana, na mimi sikulitaja. Kanuni ile inafaa pale ambapo mwenye mradi atalazimisha tarehe ileile, uongeze mafundi na zamu za usiku. Ikiwa tarehe itasogezwa, ningependa zaidi kuhesabu miezi 3 mara gharama ya site kwa mwezi. BintiKonde, unazo?

#28 BintiKonde

Milioni 4 kwa mwezi. Kwenye bajeti ni miezi 12 tu.

#29 Hamad_PM

Miezi 3 ni milioni 12. 546 inakuwa 558.

#30 MzeeWaVipimo

Ikiwa kile kiwango cha 0.909 hakijazibeba tayari. Ndani ya zile 18 za pili kuna mafundi waliokaa bure, huko nako ni kuchelewa. Nahofia kuhesabu mara mbili. Mimi ningeziandika mstari wa peke yake, nisizichanganye.

#31 Hamad_PM

Mafundi waliokaa na mlinzi wa usiku ni vitu viwili. Mimi ningejumlisha.

#32 Kontrakta_Chake

Kwangu swali ni paa. Kuta zimezidi kwa mchanga na magari. Paa halina mchanga. Kwa nini mulipime paa kwa kiwango cha kuta?

#33 MzeeWaVipimo

Maneno ya mtu anayejenga hayo. Kweli. Kila kipande cha kazi iliyobaki kinachoweza kuulizwa bei, kiulizwe bei. Fahirisi ni ya vile visivyoulizika.

#34 BintiKonde

Nimempigia muuzaji. Paa lote kwenye bajeti ni milioni 110. Bei ya leo ya mbao na misumari hadi Mkoani, pamoja na gari hadi Micheweni, ujira, na mabati yaliyomo stoo kwa bei tuliyonunulia, ni 116. Kazi nyengine zilizobaki ni 190, nikizigawa kwa 0.909 ni 209.

216 + 116 + 209 = 541.

Bosi amenipigia kabla sijapeleka. Anasema tubane matumizi, 480 itatosha. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima?

#35 MzeeWaVipimo

Mwoneshe hesabu hii, usiseme neno:

```
(480 - 180) / (480 - 216) = 300/264 = 1.14
```

Kazi iliyobaki ni ya milioni 300, pesa iliyobaki kwenye bajeti ni 264. Kila shilingi kuanzia kesho irudishe kazi ya shilingi moja na senti 14, na mpaka leo imerudisha senti 83, au 91 tukisamehe ule msingi. Muulize kwa adabu ni kazi gani atakayoifanya tofauti. Akikwambia atanunua mchanga wa miezi mitatu kwa kibali kimoja, hilo ni jibu. Akikwambia "tubane", bado hajajibu.

Na mtengee namba ya pesa taslimu, kwani ndiyo itakayomnyima usingizi. Zimeshatoka 240, pamoja na ile saruji na mabati. Kwa hiyo anazohitaji kutafuta ni 541 toa 240, yaani 301, na 6 kati ya hizo ni za mafundi wiki hii.

#36 Mwanakwerekwe_88

Ile saruji ya stoo, dada, ina muda gani? Imekaa tangu mwezi wa tatu.

#37 BintiKonde

Kaka umenishtua. Nimefungua rundo la chini, mifuko 40 imeshika unyevu, mengine migumu kabisa. Bado sijahesabu rundo la ukutani. Mzee, hii inaingia kwenye AC ya Juni au Julai?

#38 MzeeWaVipimo

Iliharibika wakati wa masika, kwa hiyo mimi ningeiweka Juni, kabla hujapeleka. Malizia kuhesabu kwanza. Na toa mifuko ukutani leo, weka mbao chini.

#39 Kontrakta_Chake

Mimi ningeiweka Julai, siku ilipogunduliwa. Lakini mbao chini, hilo leo hii.

#40 BintiKonde

Nimo stoo na kijana mmoja, tunapanga. Nitapeleka 541 na mstari wa milioni 12 za kuchelewa chini yake, na mstari wa saruji iliyoharibika nikishapata idadi. Miezi 15 nimeandika, ila nimesema itategemea kenchi zikisimama kabla ya vuli.